Dubu wa Nandi alizaliwa Nairobi

Kusini mwa Sahara hakuna dubu. Kaskazini mwa bara, kwenye Milima ya Atlas, walikuwepo na wakaisha katika karne ya 19, lakini huku kwetu hawapo. Wakenya wengi tumemjua dubu kwanza kwenye Biblia, pale Daudi anapomwambia Sauli kwamba amewahi kuua simba na dubu akichunga kondoo wa baba yake. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 100 sasa, Kenya imekuwa na dubu wake. Popote duniani watu wanapokusanya habari za viumbe wanaodaiwa kuonekana lakini hawajawahi kushikwa, yaani Yeti wa Himalaya, lile dude la Ziwa Ness kule Uskoti, majitu yenye manyoya ya misitu ya Amerika, hapo hapo utamkuta na Dubu wa Nandi. Anaelezwa kuwa mkubwa kuliko fisi, mabega juu, mgongo umeteremka kuelekea nyuma, manyoya marefu mbele, na kwamba huvunja fuvu la mtu akala ubongo na kuacha mwili.

Nimemfuatilia mnyama huyu kwa miaka kadhaa, na sababu nitaisema hapa chini kwa sababu inanihusu. Nilichogundua ni kwamba mahali muhimu zaidi katika hadithi yake si Kapsabet wala msitu wowote wa Nandi. Ni Nairobi. Huku ndiko vitu vitatu ambavyo havikuwa na uhusiano vilishonwa pamoja vikapewa jina moja, na tangu hapo jina limekuwa likijitafutia mnyama wa kulivaa.

Tuanze na jina lenyewe la zamani. Wanandi walikuwa na chemosit. Mwaka 1909 ofisa wa kikoloni aitwaye A. C. Hollis alichapisha kitabu kuhusu lugha na mila za Wanandi, na humo alimweleza chemosit kama alivyoambiwa: ni shetani, nusu mtu nusu ndege, ana mguu mmoja, ana makalio tisa, na kinywa chake ni chekundu, hung'aa usiku kama taa. Hutembea kwa kujiegemeza kwenye fimbo inayofanana na mkuki. Hula watu, hasa watoto.

Maelezo hayo nilimsomea jirani yangu mmoja, mzee aliyezaliwa na kukulia Nandi, ambaye sasa anaishi na mwanawe hapa Rongai. Alisikiliza hadi mwisho huku ameshika kikombe cha chai bila kunywa.

"Ndiye huyo," akasema. "Kogo alikuwa anatuambia ukitoka nje usiku ukaona kataa kanakuja peke yake, usikafuate. Ni chemosit anakuita."

Nikamuuliza kama nyanya yake aliwahi kusema chemosit anafanana na fisi, au na mnyama yeyote mwenye miguu minne.

"Binti yangu, fisi tulikuwa tunamjua. Alikuwa anakula ndama wetu. Fisi unamchukulia mkuki. Chemosit unamchukulia mkuki wa nini?"

Jibu hilo lina uzito kuliko kurasa nyingi zilizoandikwa kuhusu jambo hili. Watu waliokuwa wakiishi na mifugo porini walijua tofauti kati ya mnyama na kitu cha kuogofya watoto wasitoke gizani. Waliochanganya hivyo viwili ni wageni. Mgeni akiuliza, "Ni nini kinachoua watu usiku hapa?" anaweza kujibiwa chemosit, na akaandika chemosit kwenye daftari kana kwamba ni jina la mnyama, kama vile angeandika chui au nyati. Mtu akisha kufanya hivyo mara moja, wa pili hatauliza tena kama ni mnyama. Atauliza tu ana ukubwa gani.

Sasa twende kwa shahidi maarufu kuliko wote. Ni mzungu aitwaye Geoffrey Williams. Yeye na binamu yake walikuwa wakisafiri kwenye uwanda wa Uasin Gishu, wakielekea mwamba wa Sirgoit, karibu na ulipo mji wa Eldoret leo. Ilikuwa mara tu baada ya msafara wa kijeshi dhidi ya Wanandi wa 1905 na 1906, ule ambao ndani yake kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, aliuawa Oktoba 1905 akiwa amekuja kuzungumzia amani. Nataja hilo kwa sababu watu waliokuwa wakipita nchi ile wakati ule hawakuwa watalii. Walipita mahali palipomwagika damu juzi tu, wakiwa na bunduki mkononi na macho yakitafuta hatari.

Williams anasema aliona mnyama mkubwa ameketi kwa makalio, umbali wa kama mita 27. Alikuwa ameketi, anasema, sawasawa na dubu wa kwenye bustani ya wanyama anayeomba mkate. Alimkadiria kuwa na kimo cha karibu mita moja na nusu hapo alipoketi. Kisha mnyama akajishusha kwa miguu minne akaondoka kwa mwendo wa kukimbia upande upande. Williams akafyatua risasi, akakosa. Anakumbuka kwamba sehemu ya mbele na miguu ilikuwa na manyoya, nyuma kulikuwa laini, kichwa kirefu kilichochongoka, masikio madogo sana, na mkia, kama ulikuwepo, haukuonekana.

Maelezo haya ni mazuri. Sioni dalili ya uongo ndani yake, na ningemkatalia yeyote anayesema Williams alitunga. Lakini angalia yalichapishwa lini: 1912, katika jarida la Chama cha Historia ya Viumbe cha Afrika Mashariki na Uganda, kilichoundwa hapa Nairobi mwaka 1909 na ambacho leo tunakijua kama Nature Kenya. Ndicho chama kilichoanzisha mwaka 1910 makumbusho ambayo baadaye yalikua yakawa Makumbusho ya Taifa. Kati ya siku aliyomwona mnyama na siku msomaji wa Nairobi alipoyasoma hayo imepita takriban miaka sita. Kwa miaka sita kisa hicho kimekuwa kikisimuliwa, na yeye mwenyewe anatuonyesha hivyo bila kukusudia, maana anataja jinsi binamu yake "siku zote" anavyouelezea ule mwendo. Siku zote! Yaani kisa kilishapata maneno yake ya kudumu kabla ya kufika kwenye karatasi.

Na neno lililokuwa ndani yake ni dubu. Williams alilitumia kama mfano, kuonyesha jinsi mnyama alivyoketi. Mzungu wa wakati ule alikuwa amemwona dubu kwenye bustani ya wanyama tangu utotoni, kwa hiyo mfano ulimjia wenyewe. Mnandi angesema ameketi kama nyani. Lakini wasomaji walipomaliza kusoma, mfano ulikuwa umegeuka jina, na jina likaanza kufanya kazi.

Mwaka huo huo wa 1912, katika jarida lile lile, ofisa mkuu wa serikali aitwaye C. W. Hobley aliandika kuhusu wanyama wasiotambuliwa, na mwaka uliofuata akaandika tena, safari hii akiwa na taarifa mpya. Hobley alikuwa mtu makini. Alikusanya barua, akazipanga, akalinganisha. Nadhani hakuona kwamba kule kupanga kwenyewe kulikuwa kunafanya jambo. Barua moja ilitoka Uasin Gishu, ikieleza kiumbe cheusi, kifupi, chenye manyoya marefu, urefu wa mabega kama nusu mita tu. Nyingine ilitoka mbali kabisa, kwenye ujenzi wa reli ya Magadi, zaidi ya kilomita 200 kutoka Nandi na katika nchi isiyofanana nayo hata kidogo. Ukimsoma kila shahidi peke yake unaona wanyama tofauti. Ukiwasoma chini ya kichwa kimoja, unaona mnyama mmoja aliyeonekana na watu wengi.

Taarifa ya Magadi ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu inatuonyesha akili ikibadilika njiani. Mhandisi aitwaye Hickes alikuwa kwenye toroli ya reli asubuhi, mwezi Machi 1913, akaona mnyama mbele yake. Yeye mwenyewe anasema mara ya kwanza alidhani ni fisi. Baadaye likamjia wazo kwamba saa ile, mwangaza umeshatanda, fisi angekuwa amelala. Ndipo akakumbuka habari za mnyama wa ajabu. Kuanzia hapo anamweleza kuwa na kimo cha simba, rangi ya hudhurungi, manyoya marefu, mabega yaliyoinuka, shingo fupi, pua butu.

Jicho lilisema fisi. Kilichosema si fisi ni saa, pamoja na habari aliyokuwa ameisikia. Mtu yeyote anayeishi karibu na mbuga anajua fisi hutembea hata saa tatu asubuhi, hasa kama kulikuwa na mzoga au mvua. Na mabega yaliyoinuka, manyoya ya shingoni, pua butu, ni sifa za fisi madoa zile zile ambazo mtoto wa shule ya msingi angezitaja.

Hapa lazima niseme kuhusu yangu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa narudi nyumbani usiku kutoka mjini. Matatu ilituharibikia kwenye Barabara ya Magadi, kabla ya kufika Rongai, pale ambapo upande mmoja ni ua wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Nikapata bodaboda, kijana aliyenijua kwa sababu nilifundisha mdogo wake. Hatujaenda mbali, taa ya pikipiki ikamulika kitu kimeketi kando ya lami. Kimekaa wima, kifua mbele, macho yanawaka. Kijana akapunguza mwendo, kisha akaongeza kwa nguvu, na kile kitu kikaondoka kikaingia gizani kwa mwendo wa kuyumba.

"Mwalimu, umeona?"

"Nimeona. Ni fisi."

"Hiyo si fisi, Mwalimu. Mimi hupita hapa kila siku. Hiyo si fisi."

Nilifika nyumbani magoti yakitetemeka, nikamwandikia dadangu ujumbe kwenye simu, nikalala. Kisha nikaanza kusimulia. Nilisimulia kwenye chumba cha walimu, nikasimulia kwenye harusi, nikasimulia kila mara mtu alipotaja Rongai na wanyama. Kila nilipofika pale kijana anaposema "hiyo si fisi", watu walinyamaza. Nami nikaanza kupaona hapo ndipo kisa kilipo. Neno langu mwenyewe, "ni fisi", likatoka kwenye simulizi. Kimo kikapanda hadi kifuani kwangu. Sikuwa nadanganya. Nilipofumba macho nilikiona hivyo, kifuani, na ningeapa.

Mwaka juzi dadangu alikuwa anahamisha ujumbe wake kwenda simu mpya, akaukuta ule wa usiku ule na kunitumia. Nilikuwa nimeandika: "Tumeona fisi hapa karibu na mbuga ameketi kando ya jiwe la barabara, kichwa kimepita jiwe kidogo tu lakini nimeogopa sana."

Nilikaa na maneno hayo siku nzima. Hakuna mtu aliyenidanganya, hakuna gazeti lililoniongezea. Kumbukumbu si picha iliyotundikwa ukutani. Kila ukiisimulia unaijenga upya, na wanaokusikiliza wanaijenga pamoja nawe, kwa kunyamaza hapa na kuguna pale. Sehemu iliyowagusa inakua, sehemu iliyowachosha inakufa. Mimi nilikuwa na ujumbe wa usiku ule ule wa kunirudisha. Williams hakuwa nao. Alikuwa na miaka sita na binamu yake.

Kwa hiyo mtu akiniletea kisa cha kiumbe, siku hizi siulizi kwanza kilifananaje. Nauliza kiliandikwa lini. Kisha nauliza kilikuwa karibu na kitu gani ambacho bado kipo, kwa sababu jicho la mtu mwenye hofu, usiku au kwenye nyasi zisizo na mti wala ng'ombe wa kulinganisha, halina rula. Mita 27 kwenye uwanda mtupu, mnyama ambaye huna jina lake kichwani, kwa sekunde chache: kimo ni sehemu ya kwanza ya ushahidi kuharibika. Rangi hufuata. Namna ya kwenda hudumu zaidi, ndiyo maana binamu yake Williams aliishikilia.

Turudi kwa kisa cha Williams tukitenganishe. Mabega mazito yenye manyoya, nyuma laini, mwendo wa upande upande: fisi madoa. Anayewajua fisi ameona jinsi wanavyokimbia wakitazama nyuma, mwili ukienda kama umepinda. Lakini masikio madogo sana na mkia usioonekana havimfai fisi vizuri, na waaminio wana haki ya kusema hivyo. Vinamfaa nyegere. Nyegere hana masikio ya kuonekana, mkia wake ni kisiki, ana makucha marefu ya mbele, husimama kwa miguu ya nyuma akitaka kuangalia, na hana woga kabisa wa mtu. Tena baadhi ya nyegere huweza kuwa weusi mwili mzima, bila ule mgongo mweupe unaowatambulisha. Kasoro yake ni udogo: kimo cha mabega ni kama sentimita 30 tu.

Nyayo nazo husema. Fisi ana vidole vinne kila mguu, na makucha butu. Nyegere ana vitano, na makucha ya mbele yanaacha alama mbali mbele ya kidole. Dubu naye ana vitano. Anayekuta nyayo za vidole vitano zenye makucha marefu kwenye matope yaliyotanuka baada ya mvua, na ameshasoma kuhusu dubu, ataona nini? Lakini ukikusanya nyayo za huyu, ukubwa wa yule, na ukatili wa wa tatu, unapata mnyama ambaye hakuna maelezo yanayomtosha. Hatoshelezeki kwa sababu hakuwahi kuwa mmoja. Mfaransa-Mbelgiji Bernard Heuvelmans, ambaye ndiye aliyeupa umbo utafiti wa viumbe hawa na alitamani sana wawepo, alipomchambua Dubu wa Nandi katika miaka ya 1950 aliishia kumgawa katika wanyama kadhaa.

Kuhusu ubongo kuliwa, sitaki kuingia sana kwa sababu nyuma ya visa hivyo kuna watu waliokufa kweli. Fisi madoa ana taya za kuvunja mfupa wa paja la ng'ombe. Mtu aliyelala nje kando ya moto hushambuliwa usoni na kichwani, kwa kuwa ndiko kulikobaki wazi nje ya blanketi. Mwili kama huo ukipatikana asubuhi, anayeutazama haoni kazi ya mnyama anayemjua akichezacheza karibu na majaa ya taka.

Basi mbona watu hawaachi? Wengi hujibu haraka kwamba ni ujinga. Nalikataa jibu hilo, na kwa miaka ile ya 1912 ni jibu la makosa kabisa.

Mwaka 1901 sayansi ya Ulaya ilimtambua okapi, mnyama wa jamii ya twiga, mkubwa kama farasi, aliyekuwa akiishi katika misitu ya Kongo huku wenyeji wakimjua kwa jina. Mwaka 1902 ikawa zamu ya sokwe mkubwa wa milimani, yaani gorila wa Virunga. Mwaka 1904 alitangazwa nguruwe mkubwa wa msituni, nguruwe pori mkubwa kuliko wote duniani, kwa vielelezo vilivyotoka hapa hapa Kenya. Aliyevipeleka ni Meinertzhagen, ofisa yule yule aliyemuua Koitalel mwaka mmoja baadaye. Katika miaka minne, misitu ya ukanda huu ilitoa wanyama watatu wakubwa ambao wasomi hawakuwa nao vitabuni. Mtu aliyesoma jarida la Hobley mwaka 1912 akasema "huenda yupo" alikuwa akifikiri vizuri kwa taarifa alizokuwa nazo. Hata Louis Leakey, mwaka 1935, aliuliza kwa maandishi kama huenda kuna mabaki hai ya kalikotheri, mnyama wa kale mwenye makucha badala ya kwato na mgongo ulioteremka kama wa fisi. Mifupa yake ilikuwa imepatikana Afrika Mashariki. Shida ni kwamba kalikotheri alikula majani.

Lakini angalia jinsi okapi alivyoingia vitabuni. Ilianza kwa vipande vya ngozi, yakafuata mafuvu na ngozi nzima. Nguruwe wa msituni vivyo hivyo. Mnyama wa kweli, akisha kutafutwa, hutoa mifupa, kinyesi, watoto, mizoga barabarani. Hawezi kuwa mmoja, maana mmoja hufa. Lazima wawe wengi wa kuzaana miaka yote hiyo, wanaokula, wanaokunywa, wanaonaswa kwenye mitego ya wawindaji haramu isiyochagua. Tangu 1912 misitu ya Nandi imekatwa, mashamba ya chai yamepandwa, barabara zimepita, watu wameongezeka mara nyingi. Dubu, ambaye alionekana na wasafiri wachache kwenye nchi tupu, angepaswa kuonekana zaidi. Badala yake ameonekana mara chache kuliko zamani. Hivyo ndivyo hofu hupungua mahali panapojengwa. Wanyama halisi wakipungua hutuachia ngozi sokoni.

Anayeamini ana mlango wa kutokea, na mlango huo si wa Kenya pekee. Kule Ziwa Ness, mwaka 1933, gazeti la mji wa karibu lilichapisha taarifa ya watu wawili walioona maji yakichafuka, na likatumia neno dude. Taarifa zikamiminika. Picha maarufu ya shingo ndefu ya 1934 ilikuja kubainika kuwa ni kichwa cha kuchongwa kilichowekwa juu ya nyambizi ya mtoto ya kuchezea. Mwaka 2018 watafiti wakiongozwa na Neil Gemmell wa New Zealand walichota maji ya ziwa katika sehemu nyingi na kina mbalimbali, wakasoma vinasaba vilivyoachwa na viumbe vya humo. Hawakukuta vya mtambaazi yeyote wa kale. Walikuta vya mikunga, tena kwa wingi, karibu kila walipochota. Matokeo yalipotangazwa 2019, vichwa vya habari vikasema: kumbe ni mkunga mkubwa! Vinasaba havisemi mkunga ana urefu gani, kwa hiyo nafasi ikapatikana, na dude likaingia humo.

Hivi ndivyo imani inavyodumu. Kila uchunguzi hujibu sehemu na kuacha mabaki, nayo mabaki ya kisa hiki huunganishwa na mabaki ya kile. Na nyuma ya mabaki kuna mtu. Ukimwambia shahidi "ulichoona ni fisi", anachosikia ni "wewe ni mwoga na huna macho". Atakitetea kisa chake kama anavyotetea jina lake, na kwa kukitetea atakikaza zaidi. Nimeona hivyo kwa macho yangu, kwa kijana yule wa bodaboda.

Baada ya kuupata ujumbe wangu nilirudi pale kwenye Barabara ya Magadi, saa nne asubuhi, nimechukua futi kamba ya fundi cherehani. Jiwe la barabara bado lipo, lile la zege lililopakwa rangi nyeupe. Nikalipima: sentimita 74 kutoka chini. Kichwa kimepita jiwe kidogo. Fisi mzima akiketi hufika hapo bila taabu.

Nikamtafuta kijana kwenye steji yao. Amekua, ana watoto wawili sasa, lakini alinikumbuka na alikumbuka usiku ule. Kabla sijasema lolote alinyoosha mkono kuonyesha kimo, ukafika shingoni kwake. Nikamwonyesha ujumbe kwenye simu. Akausoma taratibu, mara mbili. Nikamwambia nimepima jiwe.

Alikaa kimya kidogo akitazama upande wa mbuga.

"Mwalimu," akasema kwa upole, kama mtu asiyetaka kuniaibisha mbele ya wenzake, "hiyo barabara imetengenezwa mara mbili tangu siku hiyo. Hilo jiwe walibadilisha."